Tezi ya thairoidi inapozidisha homoni: vidonge, iodini ya mionzi au upasuaji? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na watu waliokwishapimwa na kuambiwa kwamba tezi ya shingoni inatengeneza homoni kupita kiasi. Mengi ya majibu yanahusu ugonjwa wa Graves, kwa kuwa ndio chanzo cha kawaida zaidi, na ndio ambao mgonjwa huachiwa kweli achague kati ya njia tatu.

Kwa nini ugonjwa mmoja una tiba tatu tofauti namna hii?

Kwa sababu hakuna hata moja kati ya hizo inayogusa mzizi wa tatizo. Katika ugonjwa wa Graves, kinga ya mwili hutengeneza kingamwili zinazojishikiza kwenye tezi mahali palepale ambapo homoni ya kuiamuru, TSH, ingejishikiza. Tezi hupokea amri isiyokoma na kutengeneza homoni usiku na mchana. Kwenye karatasi ya maabara utaona TSH imeshuka hadi karibu na sifuri, huku homoni za tezi yenyewe, T4 na T3, zikiwa juu. Kingamwili zenyewe nazo hupimwa, na kipimo chake huandikwa TRAb.

Vidonge huizuia tezi kutengeneza homoni wakati tunasubiri kuona kama kinga itatulia yenyewe. Iodini ya mionzi huua seli za tezi polepole. Upasuaji huiondoa tezi siku moja. Kwa hiyo swali la kwanza la kujiuliza ni hili: je, uko tayari kuishi na tezi yako huku ukijua ugonjwa unaweza kurudi, au ungependa jambo liishe, kwa gharama ya kumeza homoni kila siku ya maisha yako? Watu wenye akili timamu hujibu swali hili kwa namna tofauti, na kila mmoja ana haki na jibu lake.

Je, njia hizi tatu zinamfaa kila mwenye homoni nyingi?

Hapana, na ndiyo maana chanzo kijulikane kabla ya kuchagua. Kama homoni zinatoka kwenye kinundu kimoja au vinundu kadhaa ndani ya tezi, vidonge vitazishusha, lakini ukiviacha zitapanda tena, kwa kuwa kinundu hakina mazoea ya kutulia chenyewe. Hapo mara nyingi mazungumzo huwa kati ya iodini na upasuaji. Na kama tezi imevimba tu kwa muda, kwa mfano baada ya kujifungua au baada ya maambukizi ya virusi, homoni zilizokuwa ghalani ndizo zinazovuja. Tezi haitengenezi mpya kwa wingi, hivyo hakuna cha kuzuia wala cha kuchoma. Mgonjwa hupewa dawa ya kutuliza moyo na kungoja.

Vidonge hutumikaje, na vinachukua muda gani kufanya kazi?

Dawa kuu ni methimazoli, au kabimazoli, ambayo mwilini hugeuka kuwa methimazoli. Watu wengi huanza na miligramu 20 hadi 40 za kabimazoli kwa siku, kutegemea homoni ziko juu kiasi gani, kisha dozi hupunguzwa hadi miligramu 5 au 10 homoni zinapokaa sawa. Damu hupimwa kila baada ya wiki 4 hadi 6 mwanzoni.

Usikate tamaa ukimaliza wiki ya kwanza bila kuona tofauti. Dawa huzuia homoni mpya tu, na tezi ina akiba ya wiki kadhaa ambayo lazima iishe kwanza. Katika kipindi hicho propranololi husaidia sana: hupunguza mapigo ya moyo na kutetemeka kwa mikono ndani ya siku moja au mbili. Haiponyi tezi, na mwenye pumu asiitumie, lakini kwa anayeshindwa kulala kwa sababu ya moyo kwenda mbio huleta nafuu kubwa.

Nimeambiwa nikiumwa koo niende hospitali mara moja. Kwa maumivu ya koo tu?

Ndiyo. Kama kuna jambo moja tu utakalolikumbuka kuhusu vidonge hivi, liwe hili.

Kwa watu wachache, kama 2 hadi 5 kati ya kila 1,000, dawa hizi husababisha chembe nyeupe za damu zinazopambana na bakteria kutoweka karibu zote. Bila chembe hizo, maambukizi madogo ya koo yanaweza kuingia kwenye damu na kuua. Dalili za kwanza ni za kawaida mno: homa, koo kuuma, vidonda mdomoni. Ndiyo maana watu huzipuuza, humeza dawa za mafua, na kuendelea na kabimazoli siku mbili tatu zaidi. Siku hizo ndizo za hatari.

Kinachotakiwa ni hiki: ukipata homa au koo likiuma, acha kidonge siku hiyohiyo, nenda ukapimwe picha kamili ya damu, na umwambie anayekuhudumia kwamba unatumia dawa ya thairoidi. Usidhani atajua. Kama chembe ziko sawa, utarudia dawa yako na hukupoteza kitu kwa kukosa dozi moja. Kama zimeshuka sana, utalazwa, utapewa antibiotiki, na hutatumia tena dawa ya kundi hili maishani. Usibadilishiwe dawa nyingine ya kundi hilo ukidhani itakuwa salama, kwa sababu aliyepata tatizo hili kwa moja anaweza kulipata kwa nyingine.

Visa vingi hutokea katika miezi 3 ya kwanza, ingawa vinaweza kuja baadaye, hasa mtu anaporudia dawa baada ya kuiacha. Wengi huuliza kwa nini damu isipimwe kila wiki ili kuwahi. Shida ni kwamba chembe zinaweza kuporomoka ndani ya siku chache, kwa hiyo kipimo kizuri cha Jumatatu hakikuhakikishii Ijumaa. Kujua dalili kunakulinda kuliko ratiba ya vipimo.

Na ini? Nimesikia dawa hizi zinaliharibu.

Hapa tofauti kati ya dawa ni kubwa. Propilthiourasili, inayojulikana zaidi kama PTU, inaweza kuua seli za ini kwa kasi. Mwaka 2010 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo lake kali zaidi liwekwe kwenye dawa hiyo, baada ya watu wazima na watoto kufariki au kuhitaji kupandikizwa ini jipya. Tangu hapo PTU haitumiki kama chaguo la kwanza isipokuwa katika hali maalumu, mojawapo ikiwa miezi 3 ya kwanza ya ujauzito.

Methimazoli na kabimazoli nazo zinaweza kuliudhi ini, lakini mara chache, na kwa kawaida kwa kuziba mtiririko wa nyongo. Macho yakiwa ya njano, mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, au ngozi ikiwasha mwili mzima bila upele, simamisha dawa na upimwe ini. Upele wa kawaida hutokea kwa takribani mtu 1 kati ya 20, na mara nyingi huisha kwa dawa ya mzio bila kuacha tiba.

Nikimaliza vidonge nitakuwa nimepona?

Labda. Kozi ya kawaida ni miezi 12 hadi 18, na takribani nusu ya watu hurudiwa na ugonjwa baada ya kuacha, wengi wao ndani ya mwaka wa kwanza. Nusu hiyo haigawanywi kwa bahati nasibu tu. Mwenye tezi kubwa, mvutaji sigara, na hasa yule ambaye TRAb yake bado iko juu mwishoni mwa kozi, ana uwezekano mkubwa wa kurudiwa. Kwa hiyo dai kipimo hicho kabla hujaacha. Kuacha dawa wakati kingamwili bado ziko juu ni kuacha mapema, hata kama T4 imekuwa nzuri kwa miezi kumi.

Ugonjwa ukirudi, bado hujalazimika kuiondoa tezi. Kuendelea na dozi ndogo, kwa mfano miligramu 5 kwa siku, kwa miaka mingi ni njia inayokubalika kwa aliyevumilia dawa vizuri. Zamani ilionekana kama kukwepa uamuzi. Kwa maoni yangu ni uamuzi kamili, ilimradi unapimwa damu kila baada ya miezi michache.

Iodini ya mionzi inaingiaje kwenye tezi bila kuunguza sehemu nyingine?

Tezi ya thairoidi ndiyo hasa inayokusanya na kuhifadhi iodini mwilini, kwa kuwa ndiyo malighafi ya homoni zake. Ukimeza kapsuli ya iodini-131, tezi huivuta kama inavyovuta iodini ya kila siku. Mionzi inayoua seli husafiri milimita moja au mbili tu, kwa hiyo huishia ndani ya tezi. Nguvu ya iodini hii hupungua kwa nusu kila baada ya siku 8, na sehemu ambayo tezi haikuichukua hutoka kwa mkojo katika siku za mwanzo. Tiba hii si ngeni, imetumika kwa binadamu tangu 1941.

Kumeza kwenyewe huchukua dakika moja. Maandalizi ndiyo yanayoharibika. Vidonge vya thairoidi husimamishwa siku chache kabla, vinginevyo iodini haitafanya kazi vizuri. Vilevile, aliyepigwa picha ya CT kwa dawa ya kung'arisha mishipa ndani ya wiki 6 hadi 8 zilizopita ana iodini nyingi mwilini, na tezi yake iliyokwishashiba haitavuta ile ya mionzi. Mtajie daktari picha hiyo hata kama ilikuwa ya tumbo au kichwa.

Matokeo huja polepole, kati ya wiki 6 na miezi 6. Katikati hapo homoni zinaweza hata kupanda kwa muda, kwa sababu seli zinazokufa humwaga akiba yake. Mwisho unaokusudiwa, na hili husemwa kwa sauti ndogo mno, ni tezi kutofanya kazi kabisa. Mtu akipata upungufu wa homoni miezi minne baadaye, tiba imefanikiwa. Wachache huhitaji kapsuli ya pili.

Hatari zake ni zipi?

Ya kwanza kufikiria ni macho. Kingamwili za Graves zinaweza kushambulia tishu za nyuma ya jicho, likavimba, likajitokeza mbele, likawa jekundu au likaona vitu viwiliviwili. Baada ya iodini ya mionzi kingamwili hupanda kwa miezi mingi, na macho yanaweza kuzidi kuwa mabaya, hasa kwa mvutaji sigara. Mwenye macho yaliyoathirika kidogo anaweza kupewa prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, kama kinga kwa wiki kadhaa. Mwenye macho yaliyowaka sana anapaswa kuelekezwa njia nyingine. Na yeyote aliyekwishapata iodini asiachwe akae na upungufu wa homoni bila tiba, kwani hilo nalo huyaumiza macho.

Ya pili ni mtoto. Iodini ya mionzi haitolewi kamwe kwa mjamzito, kwani tezi ya kijusi ingeivuta na kuharibika. Anayenyonyesha huacha angalau wiki 6 kabla na harudii kumnyonyesha mtoto huyo. Baada ya tiba, mwanamke husubiri angalau miezi 6 kabla ya kushika mimba, na mwanamume kama miezi 4.

Kuhusu saratani, tafiti kubwa zimetoa majibu yasiyolingana. Kama ongezeko lipo, ni dogo kwa dozi zinazotumika kutibu Graves. Sioni kwamba linatosha kumtisha mtu wa miaka 60 mwenye moyo dhaifu, ambaye kwake homoni nyingi ni hatari iliyo karibu zaidi. Kijana wa miaka 20 ana miaka mingi mbele yake, na akitaka kulipa swali hilo uzito mkubwa zaidi simlaumu.

Kwa siku kadhaa baada ya kapsuli utatoa mionzi kidogo. Utalala peke yako na kuepuka kukaa karibu na watoto wadogo na wajawazito. Idadi ya siku hutegemea dozi, na kitengo kitakupa kwa maandishi. Fikiria mapema nani atamshika mtoto anayezoea kubebwa. Ni jambo linaloonekana dogo hadi siku ifike.

Upasuaji unafaa nani?

Mwenye tezi kubwa inayobana koo au njia ya hewa, mwenye kinundu kinachoshukiwa kuwa saratani, mwenye macho yaliyoathirika vibaya, na asiyeweza kusubiri. Siku hizi tezi huondolewa yote au karibu yote, kwa sababu kipande kikiachwa ugonjwa unaweza kurudi pale.

Kabla ya kisu, homoni lazima ziwe zimeshushwa kwa vidonge. Kumpasua mtu ambaye homoni zake bado ziko juu kunaweza kuzua dhoruba ya thairoidi: homa kali, moyo kwenda mbio kupindukia, kuchanganyikiwa, na kifo kama haitadhibitiwa. Katika siku 7 hadi 10 za mwisho wengi huongezewa matone ya Lugol, yenye iodini nyingi ya kawaida, ambayo hupunguza damu inayopita kwenye tezi ili daktari aone vizuri anachokata.

Nini kinaweza kuharibika kwenye upasuaji?

Nyuma ya thairoidi kuna tezi nne ndogo, kila moja ukubwa wa punje ya mchele, zinazosimamia kalsiamu. Zikitikiswa au kukosa damu, kalsiamu hushuka siku ya kwanza hadi ya tatu. Utahisi ganzi na kuchomachoma kuzunguka midomo na kwenye ncha za vidole, kisha misuli kukaza. Hili la muda ni la kawaida, na hutibiwa kwa vidonge vya kalsiamu na vitamini D kwa wiki kadhaa. La kudumu huwapata wachache, takribani 1 au 2 kati ya 100 kwa mpasuaji mzoefu, na ni mzigo mzito: kalsiamu mara kadhaa kwa siku, maisha yote.

Pili ni neva za sauti, zinazopita ubavuni kabisa mwa tezi. Sauti kukwaruza kwa wiki chache hutokea. Kudhurika kwa kudumu ni takribani mtu 1 kati ya 100 katika mikono mizuri. Anayeishi kwa sauti yake, mwalimu au mwimbaji, aliseme hilo waziwazi kabla ya kutia saini.

Tatu ni damu kuvujia shingoni, kwa kawaida ndani ya saa 24 za kwanza. Ni nadra, lakini inaweza kuziba njia ya hewa, ndiyo maana hulala wodini usiku huo. Shingo ikianza kukaza na kuvimba, au pumzi ikawa nzito, muite muuguzi wakati huohuo.

Hatari zote hizi hutegemea sana mkono unaopasua. Muulize daktari hufanya upasuaji huu mara ngapi kwa mwaka. Si utovu wa adabu. Matokeo ni bora kwa wanaofanya zaidi ya 25 kwa mwaka, na mzoefu hataudhika kuulizwa.

Ninataka kupata mtoto karibuni. Nichague ipi?

Tuchukue mfano. Mwanamke wa miaka 32 alitumia kabimazoli miezi 18, akaacha, na miezi mitano baadaye ugonjwa umerudi. TSH iko chini ya 0.01, T4 imepanda mara mbili ya kawaida, na TRAb ni 14 wakati mpaka ni chini ya 2. Macho yamevimba na yanawasha. Anataka mimba ndani ya mwaka.

Vidonge vingemsaidia sasa, lakini TRAb ya 14 inasema hataviacha karibuni, na akishika mimba akiwa kwenye kabimazoli, wiki za mwanzo kuna uwezekano mdogo lakini wa kweli wa mtoto kupata kasoro za maumbile. Angebadilishiwa PTU, na hatari ya ini ingemfuata. Iodini ingemngojesha miezi 6, ingepandisha kingamwili katika mwaka uleule anaotaka kubeba mimba, na ingeweza kuyachochea macho.

Kwake upasuaji ndio ninaouona una mantiki zaidi. Atarudi kwenye kabimazoli miligramu 30 kwa wiki kama sita hadi T4 ishuke, atatumia Lugol siku kumi, kisha atapasuliwa. Kwa uzito wa kilo 62 ataanza levothairoksini, kidonge cha homoni ya tezi, mikrogramu 100 kwa siku, yaani takribani 1.6 kwa kila kilo, na TSH itapimwa baada ya wiki 6 hadi 8. Ikitulia, anaweza kujaribu kupata mimba.

Badilisha jambo moja tu na jibu hubadilika. Angekuwa na TRAb ya 2.5, macho mazima, na haraka ya mtoto isiwepo, ningemwambia aendelee na dozi ndogo ya vidonge. Angekuwa na miaka 58, macho mazima na moyo unaodunda bila mpangilio, iodini ingetangulia.

Levothairoksini ya maisha yote ina shida gani?

Ni homoni ileile ambayo tezi ingetengeneza, kwa hiyo dozi ikiwa sahihi haina madhara yake yenyewe. Shida ni kuipata dozi hiyo, jambo linaloweza kuchukua miezi, na wapo wachache wanaoendelea kuhisi uchovu hata vipimo vikiwa vizuri. Imeze tumboni pakiwa tupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya kula, na uitenganishe kwa saa 4 na vidonge vya chuma au kalsiamu, kwani huizuia kufyonzwa.

Tezi yangu iliondolewa miaka iliyopita. Nikiwa mjamzito, Graves bado inanihusu?

Ndiyo, na wahudumu wengi husahau kuuliza. Tezi imeondoka lakini kingamwili zinaweza kuwa bado zipo, na huvuka kondo la nyuma. Mama anaonekana mzima kwa levothairoksini yake, huku TRAb zikiamuru tezi ya mtoto tumboni itengeneze homoni kupita kiasi. Mwambie mkunga au daktari tangu hudhurio la kwanza kwamba uliwahi kutibiwa Graves, kwa iodini au kwa upasuaji, ili TRAb ipimwe mwanzoni. Ikiwa juu, itarudiwa karibu na wiki ya 18 hadi 22, na mapigo ya moyo ya mtoto yatafuatiliwa kwa karibu. Levothairoksini nayo huhitaji kuongezwa kwa robo hadi theluthi mara tu mimba inapothibitishwa, na wengi hufanya hivyo kwa kumeza vidonge viwili vya ziada kwa wiki hadi wapimwe TSH.